Tupeane uzoefu: barua kwa mwanafunzi wako wa kisomo aliyetoka gerezani

MwalimuWaJioni
Wakuu habari za jioni. Najitolea kufundisha kisomo kwenye gereza moja kanda ya ziwa, darasa la wale wanaoanzia a e i o u kabisa. Kuna kijana wangu katoka mwaka jana baada ya kupunguziwa theluthi ya kifungo chake, karudi kijijini kwao analima. Simu anayoitumia ni ya shemeji yake kwahiyo nimeona nimuandikie barua ya posta, na nataka kusikia wenzangu mlifanyaje, manake barua ya mtu aliyejua kusoma akiwa na ndevu siyo kama unamuandikia mjomba wako karani. Akishindwa kuisoma atampa mtoto wa jirani amsomee, na mtoto anasoma kwa sauti, hapo kijiji kizima kimeshajua alikuwa wapi.

Nilimuandikia hivi, kila sentensi mstari wake:

Ndugu yangu,
Habari za nyumbani?
Mimi ni mzima.
Mama hajambo?
Hakuna marefu yasiyo na ncha.
Njia yako ndefu imepata ncha.
Sasa umelima nini?
Niandikie mazao matatu.
Ni mimi, mwalimu wako.

Basi, imeisha. Nimeandika kwa herufi za kuchapa, kubwa, nikaacha mstari mmoja mtupu katikati, na hakuna neno nililolikata mwisho wa mstari kwasababu akikuta "ma-" huku na "zao" kule anaona ni maneno mawili na anapotea hapohapo.

Huo msemo una historia. Alipofika kwenye maneno marefu alikata tamaa kabisa, ba be bi bo bu anazo zote ila ukimuandikia "watakusomea" anaangalia mwanzo, anabahatisha mwisho. Nikawa naandika juu ya ubao kila kipindi Hakuna marefu yasiyo na ncha, alafu tunalikata lile neno kwa silabi, wa-ta-ku-so-me-a, tunafika mwisho wake darasa zima linapiga kofi moja. Wenyewe wakaanza kuusema hata kwa vifungo vyao, mtu akiulizwa umebakiza ngapi anajibu "yana ncha".

Sasa shida ya msemo uliouzoea ni kwamba unausoma bila kuusoma, mdomo umeshaujua. Ndio maana mstari unaofuata nimerudisha ndefu na ncha kwenye sentensi ambayo hajawahi kuiona. Na hayo mazao matatu ni mtego, akinijibu salamu tupu nitajua kasomewa au kabahatisha, akinitajia mazao matatu kasoma mpaka chini. Haya, leteni ya kwenu.

Mtu_wa_Pasua
Mimi nipo upande wa pili mwalimu, mimi ndio niliandikiwa. Nilivyoingia ndani sijui hata kuandika jina, barua za mke wangu nilikuwa naandikiwa na mwenzangu mmoja kwa malipo ya kipande cha sabuni, na unajua ukiandikiwa na mtu huwezi kusema yote, unaishia "nakusalimu sana watoto hawajambo". Nikaingia darasani kwa ajili ya hilo tu, nimuandikie mwenyewe bila shahidi.

Barua ya mwalimu wangu ilikuja nikiwa uraiani mwezi wa pili hivi. Ndani ilikuwa nzuri sana ila bahasha jamani, bahasha ilikuwa na mhuri wa gereza mkubwa wa zambarau na imepitia sanduku la ofisi ya kijiji. Mtendaji kanipa mbele za watu. Kwahiyo ushauri wangu ni mmoja, nyuma ya bahasha weka jina lako na S.L.P. yako ya nyumbani basi, na ndani usitaje wafungwa wenzake wala "kule kwetu". Wewe umefanya vizuri, hapo mtu yeyote akiisoma anaona ni mwalimu tu.

kibo_one
Samahanini, kwa ninavyojua mimi barua za gerezani zote lazima zisomwe na askari na mwalimu haruhusiwi kuwasiliana na mfungwa nje ya darasa, mtakuja kuleteana matatizo hapa.

Afande Mstaafu
@kibo_one umepata nusu. Barua ya mfungwa, iwe inaingia au inatoka, inapita mezani kwa askari na inasomwa, hilo ni kweli. Lakini huyu ameshaachiwa, ni raia, barua yake haipiti kwa mtu. Mezani inapita pale mwalimu mwenyewe akiwa mfungwa, na hao ndio wengi, maana walimu wa nje kama MwalimuWaJioni ni wachache na vipindi vingi vinaendeshwa na wafungwa wenye elimu. Wa hivyo akitaka kumuandikia aliyetoka aandike wazi, fupi, asichore kitu wala kuweka alama zake, itatoka.

Ila mwalimu wa kutoka nje aulize kwanza kwa mkuu wa gereza utaratibu wa pale, usije ukazuiwa mlangoni ukaacha darasa yatima.

Na niseme hili kwasababu nimelisimamia. Watu wanadhani kisomo ni hisani. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, ile ya 104, inasema elimu kwa mfungwa asiyejua kusoma na kwa vijana ni lazima. Kwenye utekelezaji mambo ni mengine, mnatoka shamba saa nane, mnahesabiwa, mnafungiwa mapema, katikati hapo ndio darasa. Penseli tunagawa kwa idadi na tunakusanya kwa idadi, ikipungua moja hakuna anayetoka. Na kinachoua masomo kuliko vyote ni uhamisho, mtu yuko kwenye silabi za mwa mwe mwi, asubuhi kahamishwa mkoa mwingine, kule anaanza tena a e i o u.

Mama Shukuru
Naomba kuuliza, mdogo wangu nae ametoka na amepata kazi ya ulinzi lakini wanataka cheti cha tabia njema, hiyo barua ya mwalimu inaweza kumsaidia??

Mtu_wa_Pasua
Hapana dada, hicho cheti ni mambo ya polisi na alama za vidole, barua ya mwalimu haihusiki kabisa. Fungua uzi wako watu watakujibu vizuri.

MzeeKisomo
Wanangu mmenikumbusha mbali. Nilifundisha tangu 1970, ule mwaka Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima, na nilisimamia mtihani wa taifa wa kisomo wa 1975. Watu walifaulu kweli, wazee kwa akina mama. Lakini ukirudi kijijini baada ya muda unakuta aliyefaulu anakuambia amesahau, na hakusahau kwa ubongo mbovu, hakuwa na kitu cha kusoma. Ndio maana yakatolewa magazeti ya vijijini yenye maandishi makubwa.

Huyo kijana wa mwalimu yuko kwenye hatari hiyohiyo. Shambani kuna nini cha kusoma? Mfuko wa mbolea. Kwahiyo barua moja haitoshi, mpelekee kila baada ya muda na kila barua iwe na ugumu mmoja mpya tu, usirundike. Leo ncha, barua ijayo weka neno moja la nyw, kama kunywa, na ng' ya ng'ombe iache mwisho kabisa kwasababu hata waliosoma inawashinda.

Ambalo sikubaliani ni hizo herufi za kuchapa. Mfundishe mwandiko wa kuunga, maana barua atakazoletewa na ndugu zake wa umri wangu zote zimeungwa. Ukimzoesha za kuchapa tu umemfungia dirisha.

MwalimuWaJioni
Mzee wangu shikamoo. Hapo kwa mwandiko wa kuunga naomba nibishe kidogo kwa heshima. Risiti, bango la zahanati, karatasi ya kura, jina la basi, vyote ni vya kuchapa, hivyo ndio anakutana navyo kila siku. Mwandiko wa kuunga kila mtu ana wake, hata mimi wa daktari siuwezi.

MzeeKisomo
Marahaba. Wa daktari hata daktari mwenzake hauwezi. Bado nasimama pale pale.

Wanjiru_Nax
Niaje watu wa TZ, huku Kenya tunaita ngumbaru. Mimi hufunza upande wa wamama, wengine walianzia kwa ngumbaru wakafika mpaka wakafanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza primary, wakiwa ndani, kabla iishe 2023. Mimi barua ya posta sijawahi tuma, hutuma SMS, mradi simu iwe ya mwenyewe.

Lakini SMS ina shida yake na niliiona na mama mmoja wa Machakos. Alikuwa anasoma poa kwa daftari, akatoka, watoto wake wakaanza kumtumia meseji, yeye akanipigia akilia ati amesahau kusoma. Nikamwambia anisomee herufi moja moja. Unajua ilikuwa nini? "xaxa mum 2taonana kexho". Mtu amefunzwa sa se si so su, hiyo x ataitoa wapi! Nikapigia watoto nikawaambia mwandikieni mama neno zima, muache nafasi, msiweke namba katikati ya neno. Alisoma siku hiyo hiyo. So kama kuna mtu wenu ametoka na ako na simu, hebu angalieni vile familia inamwandikia kabla mseme amesahau.

Afande Mstaafu
Hii ya x sijawahi kuifikiria kabisa. Asante mwalimu.

jembe_na_mpini
Mimi sitaki kuharibu uzi ila binamu yangu alitoka na misemo kibao kichwani na cheti cha kisomo mfukoni na karudi ndani kabla mwaka haujaisha, kwasababu alikuta shamba limeuzwa na kaka zake. Marefu yalikuwa na ncha, kweli, alafu yakaanza mengine. Barua haina jembe ndani yake.

MwalimuWaJioni
Mkuu sikupingi hata kidogo, pole sana kwa hilo. Huyu wangu alimkuta mama yake yupo na shamba lipo, angekuta kama ya binamu yako hata mimi sijui ningeandika nini. Ila hilo shamba naomba uliza, aliweka kidole gumba kwenye karatasi yoyote kabla hajaingia ndani?

jembe_na_mpini
Ndio alisaini kwa dole. Aliambiwa ni karatasi ya mbegu.

Mtu_wa_Pasua
Daah.

MwalimuWaJioni
Wadau narudi na habari, barua imejibiwa, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, herufi zinapanda mlima lakini zote zipo. Salamu, alafu "mahindi, dengu, choloko", alafu chini kabisa ameandika msemo ila kaandika "malefu". Kwao r na l ni ndugu, hata akiongea anasema hivyo. Mimi nimefurahi kupita kiasi lakini swali ni moja, nimsahihishe au nimuache?

MzeeKisomo
Usimtie wino mwekundu mtu aliyenunua stempu kwa hela yake. Barua yako ijayo muulize "choroko zimetoa gunia ngapi?", muandikie sawasawa na kwa herufi kubwa. Ataiona mwenyewe.

Wanjiru_Nax
Mimi ningemwambia tu waziwazi mzee wangu, ni mtu mzima, si mtoto wa nasari. Wanafunzi wangu huniuliza wenyewe "mwalimu nimekosa wapi", na ukiwaficha wanaskia vibaya wakigundua baadaye.

MwalimuWaJioni
Nyie wawili mnanichanganya sasa 😂 Nitaenda na choroko za mzee kwanza, akirudia tena l nitamwambia wazi. Wengine endeleeni kuleta za kwenu, hasa ambao mliandika mkiwa bado ndani, hao sijawasikia.