Bata wangu wa Uyole miguu inalegea, na maji yao yameharibu banda la kuku

Kutoka: Mama Riziki, Uyole

Wapendwa habari za baridi. Naomba msaada kwa mnaofuga, maana huku nilikohamia majirani zangu wote ni watu wa kuku na viazi, nikiuliza habari za bata wananiambia tu bata hana shida utamuona mwenyewe. Kwetu Likoni tulikuwa na bata uani wanajizungukia, sikuwahi kuwaona wakilelewa kama kazi.

Nimenunua vifaranga 10 wa bata pale Mwanjelwa, wale weupe wa Pekini, nimewaweka kwenye banda langu la kuku la mita 3 kwa 4 ambalo lina kuku 15 wakubwa. Wanakula stata ya kuku nimeichanganya na pumba ya mahindi nusu kwa nusu. Sasa wana kama wiki mbili. Watatu wanatembea kwa kukalia visigino, yaani wanaketi chini wanajisukuma, na kifundo cha mguu kimevimba. Wanakula vizuri tu na macho yako wazi. La pili, sakafu ya banda imekuwa tope, maranda yananuka, na kuku wangu wawili wameanza kuharisha na kusinyaa. Niwatenge? Niwachimbie bwawa? Nataka mayai na nyama baadaye, si kufurahisha macho tu.

Kutoka: Kaka Said, Mbalizi

Dada pole sana. Hiyo miguu ni baridi, mimi nakwambia, huku juu mwezi wa sita na wa saba usiku kifaranga anaganda. Weka jiko la mkaa ndani wapate joto watasimama. Na bwawa lazima, bata bila bwawa ni sawa na kumfunga. Kuhusu magonjwa usijisumbue, bata haugui kama kuku, kideri kikipita kuku wanakufa wote bata anabaki anatembea, mi nimeona kwa macho yangu hapa kwa jirani.

Kutoka: Bi Mwanaisha, Mafinga

Mama Riziki mwanangu, shukuru umeuliza mapema. Nitajibu la miguu kwanza kwa sababu hilo ndilo lenye haraka.

Kaka Said yuko sawa kwamba baridi inaua vifaranga, lakini kifaranga wa baridi unamjua, anajikunja, wanarundikana mmoja juu ya mwingine wanalia, hawataki chakula. Wako wanakula vizuri, macho yako wazi, na kifundo kimevimba. Hiyo ni naiasini imepungua, ni aina moja ya vitamini B. Bata anaihitaji zaidi ya kifaranga wa kuku, na stata ya kuku imepimwa kwa kuku. Juu yake wewe umeongeza pumba ya mahindi nusu, na mahindi naiasini yake imefungwa ndani kiasi kwamba mwili hauichukui vizuri, kwa hiyo umeipunguza ile kidogo iliyokuwemo. Bata anakua kasi, mwili unazidi mifupa, miguu inapinda.

Cha kufanya leo: nenda duka la dawa za mifugo uombe vitamini B kompleksi ya kuweka kwenye maji, fuata kipimo cha chupa. Ukikosa, famasi ya watu wana vidonge vya naiasini, vyenye jumla ya miligramu 100 hadi 150 visage kwenye lita 4 hivi za maji, ubadilishe maji kila siku mpaka wasimame. Toa pumba kabisa kwa sasa, wape stata peke yake na uongeze dagaa waliosagwa, mkono mmoja kwa kila kilo ya chakula, maana samaki wana naiasini ya kutosha. Wanaolegea kidogo wataanza kubadilika ndani ya siku chache. Yule ambaye mguu umeshageuka pembeni, ukimgusa kisigino cha nyuma unahisi mshipa mnene umetoka mahali pake umelala ubavuni, huyo kusimama tena ni ngumu, usimpe matumaini kupita kiasi wala usimtese.

Na angalia lebo ya hiyo stata. Kama ina dawa ya kuzuia koksidia muulize muuzaji ni dawa gani na kama bata wanaiweza, nyingine hazijapimwa kwa bata na zinawadhuru. Ukipata isiyo na dawa chukua hiyo.

Kitu kingine kuhusu mahindi, na hili naomba wote mlisikie. Kuna mahindi ya kuvuna kwenye mvua yaliyoshika ukungu, watu wanayasaga wanasema ni ya kuku. Msimpe bata. Hakuna ndege ninayemjua anayeumia kwa sumu ya ukungu kama kifaranga wa bata. Huyo ndiye anadumaa, anayumba, na akifa kichwa kimevutwa nyuma mgongoni. Ukimpasua ini limekuwa limepauka au njano. Hapo vitamini haitasaidia, chakula chote kinatupwa. Ndiyo maana nimeangalia kwanza kama wako wanakula au hawali.

Kutoka: Mzee wa Makambako

Bi Mwanaisha umesema vema. Mimi nina bata bukini wanne, je nao wanafaa kuwekwa na kuku? Maana wananipiga midomo kila nikiingia bandani, na mke wangu hawezi kuokota mayai.

Kutoka: Bi Mwanaisha, Mafinga

Shikamoo mzee wangu. Bukini ni habari nyingine, nitakuandikia peke yake usiku, ila kwa ufupi wakati wa kutaga watenge kabisa, dume lake linalinda.

Mama Riziki, sasa banda lako. Bwawa halihitajiki, hapo Kaka Said hatukubaliani. Bata anachohitaji ni maji yenye kina cha kuzamisha kichwa chote mpaka macho, maana anasafisha pua na macho kwa maji, asipopata matundu ya pua yanaziba, macho yanatoa usaha. Kwa bata mkubwa kina cha sentimita 15 hivi kinatosha. Kata dumu la lita 20 ubavuni, tundu la kuingiza kichwa na shingo tu, mwili ubaki nje. Bata 10 wakubwa kunywa peke yake ni kama lita 10 kwa siku, na nyingine kama hizo watamwaga, kwa hiyo jaza asubuhi na jioni. Kuku wako 15 wote hawafiki lita 5. Hapo ndipo tofauti yao kubwa ilipo, chakula hakipishani sana lakini maji yanapishana mno.

Maji hayo yasiwe ndani ya banda! Chimba shimo nje la mita moja kwa moja na nusu, kina sentimita 60, jaza kokoto, juu weka fremu ya mbao yenye waya, dumu likae juu ya waya. Wanachomwaga kinazama chini. Usipofanya hivyo kwa udongo wa Uyole unapata dimbwi bovu, na dimbwi lenye mizoga na majani yanayooza likipata jua ndilo linaleta ule ugonjwa wa shingo kulegea, bata anashindwa kuinua kichwa.

Vifaranga wa dukani ambao hawana mama usiwaogeshe. Mama bata ndiye anayewapaka mafuta manyoya, bila mama wanalowa mpaka kwenye ngozi na baridi yetu inawamaliza. Kwao weka sahani ya chini yenye mawe ndani, wanywe na kuzamisha pua tu. Jiko la mkaa lisikae kwenye chumba kilichofungwa, moshi wake usioonekana unaua vifaranga na wewe pia. Tumia chungu chenye makaa nje kidogo ya uzio wao na dirisha la juu liwe wazi, wakihema midomo wazi ondoa, wakirundikana sogeza.

Watenge na kuku, ndiyo, tena leo. Kuku wako wanaharisha kwa sababu tope ndilo linalootesha koksidia, kuku wanaihitaji sakafu kavu kuliko bata. Mita zako 12 zigawe kwa uzio wa waya, bata 10 wapate mita za mraba 4, kuku wabaki na 8. Kuku wanalala juu kwenye vijiti, bata wako wanalala chini, hivyo upande wao maranda yawe mazito, kila jioni ongeza makavu juu. Huku Mafinga viwanda vya mbao vya kando ya Sao Hill vinatoa maranda mengi, chukua yale ya randa yenye vipande. Vumbi laini la msumeno bata mdogo analila.

Kutoka: Kaka Said, Mbalizi

Sawa mama nimekuelewa kwenye bwawa, ila kwenye kideri si uongo niliyosema. Bata hakufa.

Kutoka: Bi Mwanaisha, Mafinga

Hakufa, ni kweli kabisa, kwa kawaida bata anapitiwa na kideri bila kuonyesha dalili. Lakini anaweza kuwa amekibeba na kukitoa kwenye kinyesi, kuku wa Mama Riziki ndio watakaolipa. Kwa hiyo chanjo ya matone ya jicho kwa kuku isiachwe kwa sababu jirani ana bata. Na kipindupindu cha ndege kinawaua wote wawili.

Kutoka: Tausi, Tukuyu

Samahani naingia katikati. Mimi nina wale wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni, na naona Mama Riziki kachukua Pekini kwa ajili ya mayai na nyama. Kwa nyama ni sawa, wiki 7 au 8 anachinjwa. Ila Pekini wangu wa mwanzo hawakulalia hata siku moja, mayai niliwaazima kuku wakayaatamia siku 28. Wa kienyeji analalia mwenyewe siku 35, analea, hataki chakula kingi, lakini mayai yake kwa mwaka ni machache. Na dume moja kwa majike manne au matano yanatosha, ukizidisha madume yanawaumiza majike na hata kuku. Mimi ningemwambia auze hawa achukue wa kienyeji.

Kutoka: Bi Mwanaisha, Mafinga

Tausi, inategemea anauza kwa nani. Mbeya mjini hoteli zinataka ndege mnene wa haraka, wewe Tukuyu unalisha nyumbani. Hapo sitamchagulia.

Kutoka: Mama Riziki, Uyole

Mama shikamoo na asante. Nimetenga, nimetoa pumba, nimepata B kompleksi na dagaa. Wawili wameshasimama wanakimbilia chakula. Wa tatu bado anajiburuta na nikimgusa kisigino mshipa uko pembeni kama ulivyoeleza, nitamtenga asikanyagwe nione jioni. Kuku wanapewa dawa ya koksidia. Shimo la kokoto fundi anakuja Jumamosi.

Swali moja: wakishakua nikiwaachia nje asubuhi na mapema watatagia porini kama wa jirani?

Kutoka: Bi Mwanaisha, Mafinga

Watatagia. Bata wengi hutaga usiku wa manane mpaka alfajiri, wafungie mpaka saa tatu asubuhi ndipo ufungue. Masanduku ya kutagia yakae sakafuni, sentimita 40 kwa 40, penye giza kidogo. Jioni ukiwalaza wape unga uliolowa maji, kiasi wanachomaliza ndani ya nusu saa, maana unaolala unachacha, na wasile kamwe bila maji karibu, chakula kikavu kinawakaba. Mayai yaoshe tu yaliyochafuka, na yakipikwa yaive kabisa mpaka kiini kigande, usimpe mtoto la kuchemsha nusu.

Kutoka: Mzee wa Makambako

Bi Mwanaisha nangoja ile barua ya bukini.