Msaada wakuu: sailensa ya AHU ya studio ya kurekodi, mm 900 inatosha kweli?

dakti_boy: Habari wakuu. Niko Dar, tunafunga AHU juu ya paa kwa ajili ya studio ya kurekodi, inalisha chumba cha kurekodia na chumba cha mikisa, kila kimoja kinachukua nusu ya hewa. Mwenye studio anataka NC-20. Kontrakta kaleta kwotesheni ya sailensa moja ya mm 900, anasema "inakata dB 28", basi, hataki maswali mengi. Data shiti ya feni upande wa saplai inasoma dB 82 kwenye 125 Hz. Dakti ya bati kama mita 12, mwisho wake mm 300 na grili moja. Ile 28 inatosha ama napigwa?

Mzee wa Kompresa: Mdogo wangu ongeza urefu tu. Chukua ya mita moja na nusu, nenda kalale. Sailensa ndefu ndiyo dawa.

JenetaKing: Mimi jenereta langu lilikuwa linapiga kelele majirani wakataka kuniita serikali za mitaa, nikabadilisha eksozi sailensa ikawa poa. Cheki na wewe eksozi yako kwanza.

dakti_boy: Mkuu hii ni ya hewa ya AC, haina eksozi 😅

Mama Akustiki: Dakti_boy muulize huyo kontrakta hiyo 28 ni ya Hz ngapi. Karibu kila mara wanakutajia namba nzuri kuliko zote kwenye jedwali, ambayo inakuwa huko 1000 Hz. Ya mm 900 kwenye 125 Hz kwa kawaida inakata dB 7 au 8 hivi, na mngurumo wa feni ndio uko huko chini, maikrofoni itaudaka wote.

Tupige hiyo 125 yako. Feni 82. Hewa inagawanyika nusu, toa 3. Bati tupu la mita 12 na kona zake kwenye besi halisaidii sana, toa 3. Pale dakti inapofunguka chumbani sehemu ya besi inarudi nyuma, kwa mm 300 mpe 7 hivi, ila ukifunga fleksibo fupi imejikunja nyuma ya grili usiihesabu yote. Chumba chenyewe kikinyonya kiasi, toa 6. Unabaki na 63. NC-20 kwenye 125 Hz inaruhusu 40. Lakini ritani nayo inaleta kelele yake, na zikifika zote mbili na 40 chumba kinasoma 43, kwa hiyo kila upande ulenge 37. Unahitaji 26 kwenye 125 Hz, sio 1000.

Mzee wa Kompresa: Si nilisema ndefu!

Mama Akustiki: Ndefu ni sawa baba, ila mita moja na nusu peke yake haifiki 26, nyingi zinaishia kwenye 12 mpaka 15. Na watu wakiona hivyo wanachagua yenye njia nyembamba za hewa ili ikate zaidi, hapo ndipo inaanza kupiga mluzi yenyewe kwa sababu hewa inapita kwa kasi, na presha inayopotea inakulazimisha uongeze spidi ya feni, kelele inarudi kulekule. Jedwali lina safu ya kelele ya sailensa yenyewe, isome kwa kasi yako ya hewa, sio ile ya katalogi. Mimi ningeweka mbili: moja pale dakti inapotoka chumba cha mashine au inapovuka paa, ya pili kwenye tawi la chumba cha kurekodia. Hiyo ya tawi inazuia pia sauti ya mikisa isipite kwenye dakti kwenda kwenye maikrofoni. Halafu dampa ya kubalansi iwe nyuma kabisa kabla ya sailensa ya tawi, usikubali ile ya nyuma ya grili, ukiibana inazomea na hakuna kitu mbele yake cha kuikata.

dakti_boy: Asante sana dada. Shida kwenye tawi nina mita 1.8 tu na dari iko chini. Ritani kontrakta hajaweka sailensa kabisa, amesema haina haja.

Mama Akustiki: Ritani ndiyo njia fupi kwenda kwenye feni, mwambie alete data yake ya 125 kabla hujasaini kitu.

fundi_bara: Naongezea, sufi ya ndani ya sailensa isiwe karibu na koili, kwa unyevu wa Dar inaota ukungu. Na hiyo dakti ya mstatili ikipita juu ya dari ya studio kabla ya sailensa, besi inatoka kwenye bati lenyewe, sailensa ya mbele haiwezi kuirudisha. Wengine wanaifunga kwa jipsamu bodi, wengine wanahama kwenda dakti ya duara. Mimi naipenda ya duara ila kwa dari yako sijui kama itaingia, tupia picha ya sekisheni.

dakti_boy: Napiga kesho nikifika saiti.