Salio la mteja wa mkopo likivuka kikomo: Excel, skripti ya usiku, au kuzuia ankara?

MwekaLeja
Wakuu, habari za kazi. Natunza leja ya mauzo yenye wateja wa mkopo kama 140. Kila mmoja ana kikomo alichoidhinishiwa na meneja, ila tunakuja kujua kuwa mtu kavuka mwisho wa mwezi, tukishachapa taarifa za wateja. Nataka tahadhari inayokuja mapema.

Njia ninazozifikiria ni tatu. Karatasi ya Excel ambayo jina linageuka jekundu. Skripti inayosoma leja kila usiku na kutuma imeili. Au programu ikatae kabisa kuhifadhi ankara inayolivusha salio. Kwa sasa nina hii tu:

```
=SUMIFS(Leja!D:D,Leja!B:B,A2,Leja!C:C,"ANK")-SUMIFS(Leja!D:D,Leja!B:B,A2,Leja!C:C,"LIP")
```

A2 ni namba ya mteja, safu ya C ni aina ya hati, D ni kiasi. Ninyi mngeshika ipi?

Tembo_Mpole
Mbona rahisi? Aliyepitisha siku 30 bila kulipa, mfungie. Sisi tunafanya hivyo na wadeni wamenyooka.

MwekaLeja
Mkuu, hiyo ni umri wa deni. Mimi nauliza ukubwa wake. Mteja anayenisumbua zaidi hulipa kwa wakati, ankara zake zote ni za wiki mbili hizi, lakini amechukua mzigo karibu mara mbili ya alichoidhinishiwa. Kwa kipimo chako huyo ni mteja safi.

Kalamu_Nyekundu
Baki na Excel, usijitafutie makuu. Ila fomula yako ina tundu: hati za krediti umezisahau. Mteja akirudisha bidhaa, salio lako halishuki, utamfokea bure. Kwenye sehemu ya kutoa, badala ya `"LIP"` weka `"<>ANK"`. Kila kisicho ankara kitatolewa.

Mama_Salio
Kuhusu hati za krediti, Kalamu yuko sahihi. Dawa yake ndiyo yenye sumu. Si kila kisicho ankara kinapunguza deni. Hundi ikirudi benki, unamdai mteja upya, na ingizo hilo si ankara. Tuseme hundi ya 100,000 imerudi. Salio lilitakiwa kupanda 100,000, fomula yake inalishusha 100,000. Umekosea kwa 200,000, tena kwa mteja yuleyule ambaye hundi zake zinarudi, yaani yule uliyetakiwa kumwona wa kwanza.

Acha kubahatisha kwa aina ya hati. Weka safu moja ya kiasi chenye alama: kinachoongeza deni ni chanya, kinachopunguza ni hasi. Hapo salio ni jumla tu. Kama leja iko kwenye hifadhidata, skripti ya usiku haizidi hii:

```sql
SELECT w.id, w.jina, w.kikomo,
       COALESCE(SUM(l.kiasi), 0) AS salio
FROM wateja w
LEFT JOIN leja l ON l.mteja_id = w.id
GROUP BY w.id, w.jina, w.kikomo
HAVING COALESCE(SUM(l.kiasi), 0) > COALESCE(w.kikomo, 0);
```

Tazama hiyo `COALESCE` ya mwisho. Mteja ambaye sehemu ya kikomo iko tupu, ukilinganisha salio lake na utupu hupati ndiyo wala hapana, na mstari wake haurudi. Anaweza kudaiwa mamilioni na imeili ikae kimya. Ukimhesabia kikomo sifuri, atatokea siku ya kwanza anapodaiwa, na utauliza nani alimfungulia akaunti bila idhini.

KaraniWaGhala
Mimi niko upande wa pili wa ukuta, ghalani. Tulikuwa na skripti kama hiyo na bado tulipigwa. Mteja kikomo 500,000. Jumatatu leja inasema 410,000. Jumanne ankara ya 60,000, ikawa 470,000. Jumatano tukampakilia mzigo wa 90,000 kwa delivari noti, ankara ingeandikwa Ijumaa kwa sababu ofisi huziandika kwa mafungu. Alhamisi akaomba wa 20,000. Mauzo wakafungua leja, wakaona atafika 490,000, wakasema mpe, na ankara ikaandikwa palepale. Imeili ikaja usiku wa Ijumaa: 580,000. Lori lilishaondoka zamani.

Mama_Salio
Na skripti haikukosea hata kidogo. Ilisoma kilichoandikwa. Jumatano, kabla ya kupakia, hesabu ya kweli ilikuwa 470,000 na 90,000, yaani 560,000. Mzigo ule ulitakiwa usimame getini.

Ndiyo maana, MwekaLeja, hata njia yako ya tatu ina kasoro. Kukataa ankara wakati mzigo umeshatoka ni kujinyima karatasi ya kudai. Deni lipo, ila sasa halimo kwenye vitabu. Nimeona karani akiigawa ankara vipande ili mfumo uimeze, kingine akakiandika mwezi uliofuata. Ukitaka kuzuia, zuia kwenye oda au kwenye ruhusa ya kupakia. Ankara iache ipite na ipige kelele.

Kalamu_Nyekundu
Hundi iliyorudi nimekubali, hiyo imenipita. Lakini imeili ya kila usiku nayo ni balaa. Wiki ya kwanza unaisoma, ya tatu unaifuta bila kuifungua, maana majina ni yaleyale.

Mama_Salio
Usitume orodha, tuma mabadiliko. Kila usiku hifadhi hali ya kila mteja, ndani au nje ya kikomo, kisha linganisha na jana. Anayetoka ndani kwenda nje ndiye anayetumiwa ujumbe. Waliokuwa nje tangu zamani waingie kwenye taarifa ya mara moja kwa wiki.

Kuna anayejaribu kukwepa hili kwa kuangalia ankara zenye tarehe ya jana tu. Asifanye hivyo. Ankara ikiingizwa leo kwa tarehe ya mwezi uliopita haionekani kamwe. Vilevile meneja akishusha kikomo cha mtu, hakuna ankara mpya ya kuonyesha kuwa kavuka. Kulinganisha hali kunayanasa yote mawili.

MwekaLeja
Nimerudi. Nimeiendesha jana usiku. Majina 11. Manne hayana kikomo kabisa. Nje ya hao 11, yuko mteja mwenye akaunti mbili, moja imeandikwa kwa jina la duka na nyingine kwa jina lake. Kila moja iko ndani, zikijumlishwa yuko nje. Skripti haikumleta huyo, nimemgundua kwa macho nikipitia orodha ya wateja wote. Nimeongeza safu ya `mteja_mkuu` na sasa najumlisha kwa hiyo. Delivari noti zisizo na ankara KaraniWaGhala amenifungua macho, naanza kuziomba ghalani kila jioni.

Limebaki moja. Hundi iliyopokelewa lakini benki haijaipitisha, naihesabu kama malipo au bado?

Tembo_Mpole
Ihesabu. Stakabadhi umeshamwandikia.

Mama_Salio
Kwenye leja ndiyo, kwenye tahadhari hapana. Mimi huiweka pembeni mpaka ipite.

KaraniWaGhala
Mama, ukifanya hivyo kwa wote, wateja wazuri wanaolipa kwa hundi watakuwa nje ya kikomo kila wiki, na sisi getini ndio tutakaotukanwa. Kwetu tunaiweka pembeni kwa aliyewahi kurudishiwa hundi tu. Na hata hapo mauzo hawajakubali.