Naomba ushauri: jina la fleti zetu 24 Luchelele, Mwanza

MjenziLuchelele
Habari za jioni wakuu. Mimi na kaka zangu wawili tunajenga fleti huku Luchelele, mbele ya Malimbe ukiwa unatokea Nyegezi Kona. Ni majengo mawili, fleti 24 kwa jumla, na zote ni za kuuza. Mafundi wako kwenye plasta, na dalali ametuambia hawezi kuanza kutangaza kitu kisicho na jina.

Tunataka jina ambalo mtu akilisikia anahisi hapo ni pa kupumzika, halafu akitaka kuja kuangalia asizunguke Nyegezi nzima akiuliza. Ziwa linaonekana vizuri kuanzia ghorofa ya pili. Majina yaliyopo mezani ni Lake View, Machweo, Kivulini, Jabali na Mhola. La mwisho ametoa mama yetu. Natanguliza shukrani.

KakaBwiru
Mkuu, weka neno Kapripointi humo. Mwanza nzima inajua Kapripointi ni kwa watu waliojipata. Mnunuzi ananunua hadhi kwanza, mahali baadaye. Jina la eneo lenye heshima linakubeba bila hata kutangaza.

Mama Fleti
Nimeuza nyumba za kuishi miaka 11, nyingi Ilemela na Nyamagana, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

KakaBwiru uko sahihi kwamba jina la eneo linauza kuliko neno lolote la sifa. Ila liwe la eneo lako mwenyewe. Mtu akisoma Kapripointi kwenye tangazo, kichwani ameshapanga safari ya dakika chache kutoka mjini. Ukimpitisha Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, kisha Malimbe, anafika amekasirika hata kabla hajaona jiko lako. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na mahali kitu kilipo. Luchelele si jina la kuficha. Andika Luchelele kwenye bango.

Sasa majina yako. Lake View liache. Fungua Google Maps, andika `Lake View Mwanza`, uone mwenyewe. Hoteli, nyumba za kulala wageni, maduka. Mteja wako atapelekwa kwa mtu mwingine. Na kuna swali nataka unijibu kwa ukweli: kati yako na ziwa kuna nini?

MjenziLuchelele
Kuna barabara ya vumbi, halafu viwanja vitatu vya watu, bado havijajengwa. Kutoka kwetu hadi majini ni kama mita 400.

Mama Fleti
Basi ndiyo hapo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi wanaisikia hiyo wanadhani mbele yao hapatajengwa kamwe. Mita 60 za mwisho, sawa. Lakini hivyo viwanja vitatu viko ndani ya zile 340 zilizobaki, na mwenye kiwanja akipandisha ghorofa nne, fleti zako za ghorofa ya pili zitatazama ukuta wake. Jina litabaki pale getini likitaja kitu ambacho aliyenunua hakioni tena. Mimi nimeshakaa kikao cha wakazi waliouziwa mandhari ya ziwa, na kila mara malalamiko ya maji au taka yakianza, mtu anaanzia kwenye jina: "Hata hilo ziwa lenyewe mlilotuandikia liko wapi?" Usiahidi kwa jina kitu kilichoko kwenye ardhi ya jirani.

Machweo linanipa shida nyingine. Luchelele inatazama magharibi, kwenye ghuba. Jua la saa 10 jioni linaingia moja kwa moja sebuleni. Mtu wa Mwanza akisikia Machweo hafikirii picha nzuri tu, anafikiria pazia nene na feni. Na wazee wengine neno hilo kwao ni mwisho wa maisha.

Binti Isamilo
Naongeza kuhusu Kivulini. Ni neno zuri sana, na kwa joto letu kivuli ndiyo raha yenyewe. Lakini hapa Mwanza Kivulini ni shirika la kutetea haki za wanawake, watu wengi wanalifahamu. Ukimwambia bodaboda "nipeleke Kivulini" atakupeleka huko, au atadhani una kesi nyumbani. Hiyo ni kazi ya watu, waachieni jina lao.

Na asije mtu akashauri Mwaloni kwa sababu mko karibu na ziwa. Mwaloni kwetu ni soko la samaki la Kirumba. Mtu anasikia jina, pua inaleta dagaa.

Kibakuli86
Wakuu, mimi nina kiwanja Kisesa, robo ekari, nilitaka kuuza. Je, nikikipa jina bei itapanda? Na fleti za Luchelele kodi yake ni shilingi ngapi kwa mwezi?

Mama Fleti
Kibakuli86, amesema ni za kuuza. Kiwanja kimoja cha Kisesa hakihitaji jina, kinahitaji hati na alama za mipaka zinazoonekana. Fungua uzi wako nitakuja.

Konda wa Nyegezi
Mimi niko barabarani kila siku nataka niseme jambo moja. Jengo lenu mkiliita jina ambalo haliingii mdomoni, sisi tutaliita letu. Kuna ghorofa upande wa Buswelu, mwenyewe aliandika maneno matatu ya Kiingereza, herufi za kujikunja. Hatukuweza kulisoma gari likiwa linatembea. Tukawa tunaita "Ghorofa la Bluu, shuka!" Abiria wote wakazoea. Mwaka uliofuata wakapaka rangi ya maziwa. Nimeona kwa macho yangu mama mmoja na mizigo, kashuka, anatafuta ghorofa la bluu, amesimama chini yake analitazama na halioni.

Jina liwe silabi mbili au tatu, liishe kwa irabu, liweze kupigiwa kelele dirishani. Jabali linapigika vizuri.

MjenziLuchelele
Asante konda, hilo la rangi sikuwahi kuliwaza. Kwa hiyo Jabali wakuu? Kiwanjani tuna mawe makubwa mawili tumeyaacha makusudi.

Binti Isamilo
Kwa mgeni wa Dar jiwe la Mwanza ni jiwe la Bismarck, picha na ziwa. Kwa sisi tuliokulia Mabatini na Bugarika, kuishi kwenye mawe ni kupanda na ndoo kichwani, gari unaacha chini. Jina moja, picha mbili. Mnunuzi wako ni yupi?

Mama Fleti
Swali zuri, na ndilo linaloamua Mhola pia.

Kwa wasiojua: ukimsalimia Msukuma asubuhi "mwangaluka", katika kujibu utasikia "mhola". Ni salama, ni shwari, hakuna baya nyumbani. Kwa maana ya raha ya makazi sijaona neno kwenye orodha yako linaloifikia. Mama yenu ametoa kitu kikubwa. Shida iko kwenye hiyo h. Asiye Msukuma anaimeza, anasema Mola, na hapo umeita fleti jina la Mungu bila kukusudia.

Usiamue kwa kupenda. Fanya hivi. Chukua watu kumi ambao hawajahusika na mradi, wachanganye: Msukuma, Mhaya, Mkerewe, mtu wa Dar, bodaboda wawili. Mpigie kila mmoja simu, usimtumie ujumbe. Tamka jina mara moja tu pamoja na mahali: "Mhola Luchelele". Mwombe alikuandikie kwenye wasapu alivyosikia. Halafu nyamaza siku mbili. Siku ya tatu mpigie, muulize, "Zile fleti nilizokwambia zinaitwaje na ziko wapi?" Usimsaidie. Akikumbuka jina akasahau Luchelele, jina lina mvuto lakini halielekezi. Akikumbuka Luchelele peke yake, jina halijashika.

Fanya hivyo kwa majina mawili tu, kila moja na watu wake kumi. Ukiwapa watu wale wale majina yote, la pili litabebwa na la kwanza. La pili ningejaribu Shwari.

Mwana Musoma
Shwari sisi wa mpakani tunalijua kama mkopo wa simu wa Kenya, M-Shwari. Sijui kama hilo ni baya.

Mama Fleti
Kwa wanunuzi wa Kenya lina uzito, kwa wa Mwanza sidhani. Ila umefanya vyema kulitaja.

Fundi Bango
Jina lolote mtakalochukua, kabla sijakata herufi nendeni kwenye mfumo wa BRELA wa ORS mkatafute kama lipo. Wateja wangu wawili wamelipia bango wakalishusha. Na mjue kusajili jina la biashara hakumzuii mwingine kulitumia kama alama. Hiyo ni alama ya huduma, daraja la 36 kwa mambo ya nyumba na ardhi, inasajiliwa peke yake. Pia chini ya jina wekeni jina la barabara na namba ya nyumba ile ya anwani za makazi. Bango la mita tatu lenye maneno mawili herufi zinakuwa kubwa, dereva anasoma mapema. Maneno matano zinakuwa sisimizi.

MjenziLuchelele
Wakuu nimerudi baada ya siku nne. Nimefanya jaribio.

Shwari Luchelele: kumi wote waliandika sawasawa. Siku ya tatu saba walikumbuka yote mawili, wawili walisema "ile ya Luchelele, jina limenitoka", mmoja akasema "Salama".

Mhola Luchelele: sita waliandika sawa. Watatu waliandika Mola, mmoja Muhola. Lakini siku ya tatu tisa walikumbuka, hata wale wa Mola, na wawili walinipigia wenyewe kabla sijawapigia, wakiuliza bei. Mmoja ni daktari yuko Dodoma, kwao Magu. Aliniambia, "Umeniita nyumbani."

Nimeangalia na daftari la dalali. Watu tisa wameshaulizia, sita wako nje ya Mwanza lakini kwao ni Kanda ya Ziwa.

KakaBwiru
Basi Mhola. Nafuta ya Kapripointi.

Konda wa Nyegezi
Shwari. Mimi wa kwangu wanatoka kila kona, na nitakayemshusha pale "Mola" atakuwa wa kwanza kulalamika.

Mama Fleti
Hao watatu walioandika Mola ni akina nani?

MjenziLuchelele
Bodaboda mmoja, Mhaya mmoja, na yule wa Dar.

Mama Fleti
Bodaboda ndiye anayenisumbua, maana huyo ataelekeza watu mia. Kabla ya kukata herufi, chapisha Mhola kwenye kitambaa, tundika getini wiki mbili, halafu nenda kijiwe cha bodaboda pale Malimbe uwasikie wanavyoliita bila kuwauliza.

MjenziLuchelele
Kitambaa kinachapwa Jumatatu. Mama ameomba awepo kikitundikwa.