Tupeane uzoefu: dawa uliyobakiza au kuazima, ilikufanya nini?

Dada wa Arua
Habari za jioni wapendwa. Leo asubuhi mtoto wa jirani kaja mlangoni, "Mama anasema umpe vile vidonge vya mwaka jana, homa imemshika tena." Nilishindwa hata kumjibu, nikarudi ndani nikakaa kitandani. Kama na wewe yamekukuta tuambie hapa, maana kwetu yametukuta na bado hatujayamaliza.

Mama Pacha, Kasese
Weee. Kwangu kuna kopo la Blue Band limejaa vibahasha, kila mtu wa nyumba hii anachota humo.

Boda wa Malaba
Kopo kama hilo liko kila nyumba. Mimi vidonge vya rangi mbili nikivimeza viwili usiku asubuhi niko stejini.

Mwalimu wa Koboko
@Boda rangi mbili ipi? Ziko za nyekundu na njano, za nyekundu na nyeusi, za kijani. Kuna za vidonda, kuna za maumivu ya viungo. Rangi siyo jina la dawa.

Boda wa Malaba
Mimi nazijua mwalimu.

Dada wa Arua
Ngoja nisimulie, ni ndefu mnisamehe.

Mdogo wangu ni fundi wa pikipiki hapa mjini, ana miaka 24. Mwaka juzi alihara siku mbili, mama jirani akampa Septrini, tumbo likakaa sawa siku ya tatu. Tangu hapo Septrini ikawa dawa yake, hata kipimo anakijua kichwani, mbili asubuhi mbili jioni. Huyo jirani anapewa kila mwezi kliniki kwa sababu ya hali yake, ni mtu wa roho nzuri, ukimuomba hakunyimi.

Sasa mwaka jana kabla ya Krismasi akashikwa na kikohozi na mafua na mwili kuuma, akaenda kwa jirani akapewa ishirini kwenye kibahasha cha nailoni. Akala siku tano zikaisha. Siku ya nne kikohozi kilikuwa kimepungua, akasema mmeona.

Siku ya tisa homa ikarudi kali. Macho mekundu kama ameingiwa na pilipili, koo linauma hata mate hamezi. Tukasema malaria. Duka la dawa wakamtoboa kidole, hamna malaria, tukasema kipimo chao kibovu. Na hapa ndipo roho inaniuma mpaka leo, maana ni mimi niliyeenda kwa jirani nikaomba nyingine nne, nikamwambia mdogo wangu homa imerudi kwa sababu dozi ilikuwa ndogo. Akameza mbili usiku, mbili asubuhi.

Mchana ule kifua kikatoka madoa ya zambarau, katikati meusi. Kesho yake malengelenge. Ngozi ya midomo ikabanduka kama ganda la karanga ya kuchemsha. Nilipomvua shati ili nimpanguse, ngozi ya mgongo ikaja na shati. Sikupiga kelele kwa sababu yeye alikuwa ananiangalia.

Hospitali musawo wa kwanza akauliza amekula dawa gani wiki hizi mbili. Tukasema hakuna. Wa pili akauliza, hakuna, Panado tu. Hatukudanganya jamani, kwa akili yetu dawa ni ile uliyoandikiwa. Usiku nesi mmoja akauliza vingine, "Kuna kitu chochote mlichopewa na mtu?" Ndipo nikakumbuka kibahasha, nikakitoa kwenye mkoba, kimeandikwa 2x2 kwa kalamu. Jina halipo. Ilibidi nimpigie jirani simu atusomee kopo lake.

Siku 18 wodini. Dripu, vidonda kufunikwa kama vya mtu aliyeungua moto, mafuta ya macho kila saa chache. Alipona ngozi, macho hayajapona. Kope zinaingia ndani zinamkwaruza, juani hawezi kukaa, na kazi ya fundi iko juani.

Mama Pacha, Kasese
Yesu wangu. Pole dada yangu, pole sana.

Kijana wa Bombo
Pole dada. Lakini hizo zilikuwa zimeekspaya, dawa ikiekspaya inageuka sumu.

Dada wa Arua
Hapana, kopo lilikuwa la mwezi ule ule.

Boda wa Malaba
Sasa mimi sielewi. Watu wenye virusi wanakula Septrini kila siku miaka mingi, mbona hawabanduki? Msije mkawatisha watu bure wakaacha dawa zao.

Nesi Mstaafu, Tororo
Boda swali lako ni zuri na hofu yako ni ya kweli, anayekunywa kwa maelekezo ya kliniki asiache. Wengi hawadhuriki kabisa. Hili la mdogo wake dada hutokea kwa wachache, na kwa kawaida halitokei siku ya kwanza, hutokea kati ya siku ya nne na wiki ya nne hivi. Anayeikunywa miaka ameshapita pale penye hatari. Na si kwamba wenye virusi wamekingwa, wao ndio inawatoa vipele zaidi, ila pale kliniki anaulizwa, anaangaliwa, ikimkataa anabadilishiwa. Wa kuazima anaikunywa peke yake na hakuna anayejua kwamba ameikunywa.

Dada, usijibebeshe lile la vidonge vinne. Hata musawo wengi hupotea hapo, kwa sababu huo ugonjwa unaanza kama homa nyingine yoyote, na ngozi bado ni safi. Dalili ya kutazama ni homa pamoja na macho mekundu na vidonda vya mdomoni kwa mtu aliyekula dawa ndani ya mwezi. Hapo unaacha dawa siku hiyo hiyo unaenda hospitali na kibahasha mkononi. Ukingoja malengelenge umechelewa.

Kijana wa Bombo
Maziwa je? Kwetu mtu akidhurika na dawa anapewa maziwa.

Nesi Mstaafu, Tororo
Maziwa hayatoi kitu. Dawa imeshaingia kwenye damu na ni kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inaichoma ngozi.

Mama Sifa, Mpondwe
Mimi ni tofauti kidogo, mtoto wangu kikohozi kilimshika nikachukua ile amoksilini ya maji iliyobaki, ilikuwa kwenye kabati tangu mwezi wa pili na huo ulikuwa wa tano, nikatikisa nikampa siku tatu, kumbe ni malaria, usiku wa tatu degedege tukabebana na bodaboda mpaka helth senta. Namshukuru Mungu.

Nesi Mstaafu, Tororo
Pole mama. Ile ikishachanganywa na maji ni kama wiki moja tu, baada ya hapo unampa maji ya utamu. Na hata ingekuwa mpya haigusi malaria.

Boda wa Malaba
Nesi nakuheshimu, wewe ni mama yangu, lakini ongea na hili pia. Nikienda helth senta napanga foleni tangu saa moja, saa nane naambiwa dawa hazipo kanunue nje. Nje dozi ni pesa ya siku mbili. Nanunua ya elfu mbili, nakula mpaka nipate nguvu, nabakiza. Sasa kosa ni langu?

Mwalimu wa Koboko
Hakuna aliyekulaumu.

Boda wa Malaba
Wewe mwalimu umenilaumu tangu kwenye rangi.

Mwalimu wa Koboko
Niliuliza swali tu bwana! Nilimzika mtu kwa ajili ya rangi.

Boda wa Malaba
…pole mwalimu. Sikujua.

Nesi Mstaafu, Tororo
Boda, la foleni sina jibu, nimekaa upande wa pili wa dirisha lile nikimwambia mtu mwenye homa dawa zimeisha, na hakuna neno linalotosha. Ila angalia ulivyosema, "mpaka nipate nguvu". Mafua ya mdogo wake dada yangeanza kupungua siku ya nne hata asingemeza kitu. Kuhara kule kwa mwaka juzi kwa watu wengi hukoma siku ya tatu na maji ya chumvi na sukari. Dawa ilikuwepo pale ugonjwa ulipokuwa unaondoka, ikachukua sifa. Ndiyo unavyopata dawa "yako" ambayo haijawahi kukutibu.

Dada, niulize. Mwaka juzi baada ya ile Septrini ya kwanza, hakutoka doa mahali?

Dada wa Arua
Ngoja nimuulize.

Dada wa Arua
Nesi mkono unatetemeka. Anasema ndiyo, doa la duara kwenye mdomo wa chini, liliwasha, likabaki jeusi. Sisi tulimtania kwamba amechomwa na chai.

Nesi Mstaafu, Tororo
Lile doa mara nyingi ni la dawa. Si kila mwenye doa atafikia ya mdogo wako, wengi huishia kwenye doa tu, siwezi kukuambia kwamba lilikuwa linatangaza haya. Lakini ni sababu ya kutosha ya kutoigusa tena dawa ile. Sasa mwandikieni kwenye karatasi atembee nayo: Septrini hapana, na Fansida hapana, maana ni ndugu wa ukoo mmoja wa salfa.

Mama Pacha, Kasese
Fansida ile ya wajawazito?

Nesi Mstaafu, Tororo
Hiyo hiyo. Ndiyo sababu mama anayekunywa Septrini kila siku hapewi Fansida kliniki. Mama Pacha, ukiazima Septrini kwenye kopo lako la Blue Band na una mimba, ukifika pale sema.

Mama Pacha, Kasese
Kopo naenda kulimwaga chooni sasa hivi.

Kijana wa Bombo
Usimwage yote bwana, Panado bakiza 😂

Nesi Mstaafu, Tororo
Chooni hapana. Peleka duka la dawa au helth senta uwaombe wakuharibie. Wengine watakataa, usichoke, jaribu pengine.

Boda wa Malaba
Nesi samahani kidogo. Doa la duara. Mimi ninalo, mkononi karibu na kidole gumba. Linakuja linawasha, linaiva, halafu linafifia linabaki jeusi. Pale pale kila mara. Nilidhani ni hendo ya pikipiki inanisugua.

Nesi Mstaafu, Tororo
Linakuja lini?

Boda wa Malaba
Sijawahi kuhesabu. Sasa ukiuliza… nadhani siku nikimeza zile za rangi mbili. Jioni nameza, asubuhi linawasha.

Nesi Mstaafu, Tororo
Usizimeze tena. Si Septrini peke yake inayofanya hivyo, doksi hufanya, hata dawa za maumivu hufanya, ndiyo maana nataka jina. Kibahasha unacho?

Boda wa Malaba
Kiko nyumbani, nipe dakika kumi.

Mwalimu wa Koboko
Endesha polepole.

Boda wa Malaba
Nimekipata. Vimebaki vitano. Kimeandikwa 1x3.

Nesi Mstaafu, Tororo
Na jina?

Boda wa Malaba
1x3 tu.