Tupeane uzoefu: simu imejaa, umefuta kashe ya Telegram. Nini kilirudi, nini hakikurudi?

Mtu wa Bando: Wakuu, leo kwenye grupu moja jamaa kalalamika simu haipigi tena picha, akashauriwa afute Telegram yote aanze upya. Nimekumbuka jinsi watu wanavyoumia kwa ushauri wa aina hii. Simu yenyewe ni ya GB 64, Telegram pekee imekalia GB 19. Waliopitia haya waseme walifanyaje, meseji zilibaki?

chogo_la_mtaa: Futa tu, Telegram iko hewani. Hakuna kinachopotea.

Fundi Simu Ghorofani: Chogo, nusu ya hiyo ni kweli. Meseji za kawaida, magrupu na chaneli zote zinakaa kwenye seva zao. Kilichojaa kwenye simu ni kashe, yaani nakala za picha na video ulizofungua, au zilizojishusha zenyewe. Nakala ikifutwa, meseji inabaki pale pale, ila picha inakuwa na ukungu na mshale wa kushusha. Ukiugusa inashuka upya.

Njia salama ni ya ndani ya programu yenyewe: `Settings > Data and Storage > Storage Usage`. Subiri imalize kuhesabu. Utaona duara la rangi linaloonyesha video zimekula kiasi gani, picha kiasi gani, faili kiasi gani. Chini yake kuna orodha ya mazungumzo, yaliyojaza zaidi yako juu. Usikimbilie kufuta duara lote. Tuseme kwenye hizo GB 19, chaneli mbili za muvi zimekula GB 14. Gusa chaneli hizo, bakiza tiki kwenye video, ondoa tiki kwenye picha na faili, halafu futa. Umeshapata nafasi, na PDF zako za chuo hazijaguswa.

dada_wa_Mikindani: Hapo kwenye PDF umenena. Watu wanafuta zote asubuhi, mchana wanatafuta noti darasani na hawana bando.

Mama Zuu: Sasa ngojeni niwape ya mdogo wangu. Anauza viatu vya mtumba, na mwenzake wa mzigo wanaongea kwenye Secret Chat kwa sababu hawataki mambo yao ya pesa yaonekane. Picha za risiti za miezi yote zilikuwa humo. Simu ikajaa, akampelekea kijana mmoja anayetengeneza simu. Kijana hakuingia ndani ya Telegram kabisa. Akaenda kwenye mipangilio ya simu, Apps, Telegram, Storage, akabonyeza `Clear data`. Telegram ikafunguka kama imeingizwa leo, inadai namba ya simu. Mdogo wangu akaweka namba, msimbo ukaja, magrupu yote yakarudi hadi ya zamani aliyokuwa ameshayasahau. Akashukuru Mungu. Kutafuta jina la mwenzake na ile kufuli ya kijani, hakuna! Risiti zote hewa. Mwenzake naye anasema kwake zipo, mdogo wangu anadhani anatapeliwa. Walifikishana kwa mjumbe.

Kidomo_Halisi: Nani anaweka risiti za biashara kwenye Secret Chat? Kajitakia.

Mama Zuu: Na wewe umezaliwa unajua? Fundi ndiye alipaswa kuuliza.

Kidomo_Halisi: Fundi kaambiwa simu imejaa, kaitoa ujazo. Kazi kaimaliza.

Fundi Simu Ghorofani: Jamani taratibu. Mama Zuu, mwenzake hakudanganya. Secret Chat haipandi kwenye seva kama mazungumzo mengine. Funguo zake ziko kwenye simu mbili tu, ile iliyoanzisha na ile iliyopokea. `Clear data` imefuta funguo za upande mmoja, kwa hiyo kwa mwenzake bado inaonekana, lakini hata akituma meseji humo haitamfikia mdogo wako. Waanzishe nyingine. Risiti, kama mwenzake anazo kwenye galari yake, azitume upya kwenye mazungumzo ya kawaida. Kama hana, apige picha kioo kwa simu ya pili, maana Android nyingi zinakataa skrinishoti ndani ya Secret Chat. Halafu mdogo wako aingie `Settings > Devices`. Akikuta simu yake imeorodheshwa mara mbili, ile ya zamani aiondoe.

Mtu wa Bando: Kwa hiyo `Clear cache` ya kwenye mipangilio ya simu nayo ni hatari?

Fundi Simu Ghorofani: Hiyo haikutoi kwenye akaunti. Ila mara nyingi haifiki kwenye zile video kubwa, unabonyeza na nafasi inaongezeka kidogo sana. Ndipo mtu anakasirika anabonyeza jirani yake, `Clear data`. Kwenye simu nyingi vitufe hivyo viwili vimekaa pamoja.

Binti Kompyuta: Kabla ya kufuta chochote fanya jaribio hili: fungua `web.telegram.org` kwenye kompyuta, ingia na akaunti yako. Unachokiona pale kiko kwenye seva, hata simu ikitumbukia baharini. Usichokiona pale kiko kwenye simu tu. Na meseji yenye alama ya saa ndogo bado haijaondoka kwako, isubiri ipate tiki kwanza.

chogo_la_mtaa: Hata WhatsApp ni hivyo hivyo, kila kitu kiko Google Drive.

Binti Kompyuta: Hapana kaka. Kule picha inakaa kwenye simu yako, kwenye folda hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Google Drive inabeba bakapu tu, yaani hali ilivyokuwa siku ilipochukuliwa, na video hazimo kama hujaruhusu ziingie. Ukifuta video kwenye `Manage storage` ya WhatsApp, umefuta video yenyewe. Usilete mazoea ya Telegram huko.

Omari wa iPhone: Mimi nili-`Offload App` nikidhani nimemaliza, GB zile zile.

Binti Kompyuta: Offload inaondoa programu na kuacha data yake. Kashe ni data. Rudi ndani ya Telegram, njia ni ile ile ya Storage Usage.

dada_wa_Mikindani: Mimi nasema msifute kwa mkono kabisa. Pale pale kuna `Auto-Remove Cached Media`. Weka wiki moja kwa chaneli, mwezi kwa magrupu, na mazungumzo ya watu binafsi acha isifute. Inahesabu tangu ulipofungua faili mara ya mwisho, kwa hiyo unachokitumia hakiguswi.

Kidomo_Halisi: Wiki moja halafu ushushe tena kwa bando la nani? Weka kikomo cha ukubwa, GB 5, ikizidi inafuta za zamani yenyewe. Na zima kujishusha kwa video kwenye `Automatic media download`, la sivyo kesho imejaa tena.

Fundi Simu Ghorofani: Kidomo leo umesema neno. Niongeze: kitu hakidumu milele eti kwa sababu kiko kwenye seva. Mwenye chaneli akifuta muvi, au chaneli ikifungwa, mshale wa kushusha hautakuwepo tena. Kitu cha thamani kihifadhi kwenye galari kwanza. Galari haiguswi na kashe.

Mtu wa Bando: Na ile `Local Database` ya kwenye Android niifute? Kwangu inasoma GB 2.

Binti Kompyuta: Ifute, ni maandishi yaliyohifadhiwa, yanashuka tena. Haitafika sifuri.

Fundi Simu Ghorofani: Mimi naiacha. Ukiifuta, kusoma meseji za nyuma bila mtandao ndiyo basi.

Mama Zuu: Fundi, hiyo ya kupiga picha kioo kwa simu ya pili, kama mwenzake naye ameshaapdeti Telegram, bado zitakuwepo?

Fundi Simu Ghorofani: Kuapdeti hakufuti. Asitoke tu kwenye akaunti. Mpigie sasa hivi umwambie.