Silika jeli inageuka waridi kuanzia juu, na geji ya mafuta haisogei

Korona_Umeme
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa transfoma ya kV 33/0.4, kVA 315, iliyo juu ya nguzo mbili kwenye korona ya mkonge, wilaya ya Korogwe. Silika ya kipumulio chake ni ya bluu, kilo moja. Tangu masika yaanze imebadilishwa mara tatu, na kila mara wiki tatu haziishi imeshakuwa waridi. Inaanza kugeuka juu karibu na flenji, huku ya chini ikibaki bluu. Kikombe cha chini kina mafuta hadi kwenye mstari.

Jambo la pili ni geji ya kioo ubavuni mwa konseveta. Asubuhi iko katikati, mchana katikati, usiku katikati. Kipimajoto kinasoma 32 saa kumi na mbili asubuhi na 52 saa tisa alasiri. Kibao cha transfoma kinasema mafuta kilo 280. Je, silika tunayouziwa ni mbovu? Nihamie ile ya rangi ya chungwa?

Spana17
Hapo mkuu kikombe kinakudanganya. Mafuta ya kikombe yakipungua, hewa ya nje inagusa silika muda wote na inakwisha haraka. Safisha kikombe, jaza mafuta mapya ya transfoma, weka silika mpya. Na hakikisha umebandua ule utepe wa kiwandani kwenye tundu za chini, wengi wanausahau.

Mzee wa Laini
Spana17, hoja ya kikombe ni sahihi ila si kwa dalili hii. Kikombe kikiwa kikavu, unyevu unaingia kwa chini, kwa hiyo silika inageuka kuanzia chini kwenda juu. Hata kipumulio kizima huchakaa kwa mpangilio huohuo. Huyu wake unaanzia juu. Unyevu unashuka kutoka upande wa konseveta.

Korona, kabla ya kulaumu silika piga hesabu. Kilo 280 ni kama lita 320. Mafuta ya madini yanatanuka takriban 0.00075 ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja. Nyuzi 20 zikipanda na kushuka, transfoma inavuta hewa kama lita 4.8 kwa siku. Hewa ya nyuzi 30 iliyojaa unyevu kabisa ina gramu 30 hivi za maji katika mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Kwa hiyo hizo lita 4.8 zinaleta gramu 0.14 za maji kwa siku. Kwa mwezi hazifiki gramu 5. Kilo moja ya silika, hata tukisema inageuka rangi baada ya kunywa gramu 100 tu, ingekaa mwaka na zaidi. Kwako inakwisha ndani ya wiki tatu. Hayo maji hayaletwi na pumzi ya kawaida.

Swali langu ni moja: jua likizama na mzigo ukipungua, unaona mapovu kwenye kikombe?

Korona_Umeme
Mzee, jana na leo nimekaa chini na darubini kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Hakuna povu hata moja. Kipimajoto kimeshuka kutoka 51 hadi 43.

Mzee wa Laini
Basi nyuzi 8 zimeshuka na mafuta yamesinyaa karibu lita mbili. Hewa ya kujaza nafasi hiyo imeingia, lakini haikupita kwenye kikombe. Ama gasketi ya flenji ya kipumulio inavuja, ama bomba lake limepasuka, ama kifuniko cha kujazia mafuta juu ya konseveta hakijakaa. Hicho cha mwisho ndicho ninachokishuku zaidi. Kifuniko kikiwa wazi, mvua nayo inaingia, maji yanalala chini ya konseveta, na mvuke wake unashuka kwenye bomba hadi kwenye silika ya juu.

Kuna uwezekano mwingine, kwamba kipumulio kimeziba kabisa. Ila kikiziba kila kitu, tangi linabaki na ombwe usiku na shinikizo mchana, na mafuta huanza kutoka kwenye gasketi za bushi. Una alama za mafuta kwenye bushi?

Korona_Umeme
Bushi ni kavu kabisa.

Jirani_Pampu
Jamani mimi transfoma yangu ya kVA 100 haina chupa ya silika wala tangi la juu. Nimeibiwa vifaa? Nichomelee konseveta?

DadaVipimo
Hapana kaka, usichomelee chochote. Yako ni ile iliyofungwa moja kwa moja. Mafuta yakitanuka, mapezi ya tangi ndiyo yanayofutuka. Haipumui hewa ya nje, kwa hiyo haihitaji silika. Ukiifungua kifuniko bila sababu ndipo unaiharibu. Fungua uzi wako, tusimchanganye Korona.

Korona, kuhusu geji. Tuseme konseveta yako ina kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa 80, pima uhakikishe. Ikiwa nusu, uso wa mafuta ni kama mita za mraba 0.2, hivyo lita moja ni nusu sentimita. Lita 4.8 za Mzee zingesogeza geji sentimita 2.4. Mimi ningesema chini kidogo, kwa sababu kipimajoto kinasoma mafuta ya juu na ya chini hayapandi kiasi hicho. Hata hivyo sentimita moja na nusu inaonekana kwa macho. Geji isiyosogea kabisa haionyeshi mafuta. Inaonyesha ama doa kwenye kioo, ama mafuta yaliyonaswa ndani yake kwa sababu tundu la chini limezibwa na tope, au lile la juu halipitishi hewa.

Spana17
Kama geji haiaminiki si ajaze tu konseveta hadi juu awe salama?

DadaVipimo
Ndiyo njia ya kuharibu silika ya nne. Ukijaza hadi juu asubuhi, saa tisa alasiri lita nne hazina pa kwenda. Zinashuka kwenye bomba la kipumulio. Silika iliyolowa mafuta inakuwa kahawia, na hiyo haikaushwi, inatupwa. Ndiyo maana konseveta nyingi zina alama zaidi ya moja kwenye geji, kila moja kwa joto lake. Unajaza kwa alama ya joto la mafuta la saa hiyo.

Mzee wa Laini
Korona, usipande pale ikiwa na umeme. Hiyo konseveta na bushi za kV 33 vinapumua hewa moja. Ondoa mzigo, fungua swichi kuu ya upande wa volti 400, kisha dropauti zifunguliwe na wenye mamlaka nazo. Kama laini ni ya TANESCO, ni wao. Pima kwamba pamekufa, weka ardhi pande zote mbili. Korona nyingi zina jenereta, kwa hiyo swichi ya kubadilisha iwekewe kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Jenereta ikirudisha volti 400, juu unapata 33,000.

Ukishakuwa salama, vua kipumulio na uingize mpira safi kwenye bomba lake. Tumia kile kipira cha mashine ya presha ya damu, mibonyezo 20 hivi na si zaidi, maana tunatafuta uvujaji, hatutaki kupasua gasketi. Paka maji ya sabuni kwenye kifuniko, flenji na viungo. Halafu pakaushe kabla hujafungua chochote.

Kisha fungua plagi ya chini ya konseveta, kinga kwa chupa ya kioo angavu. Bomba linaloshuka kwenye tangi kubwa huwa limechomoza sentimita chache ndani ya konseveta, ili maji na tope vibaki chini visiingie kwenye koili. Hicho kisima kidogo ndicho unachokimwaga. Endelea hadi mafuta yatoke safi.

Korona_Umeme
Wakuu, mrejesho. Tumezima Jumapili, kila kitu kikafungwa kama alivyosema Mzee.

Povu la sabuni limetoka kwenye kifuniko cha kujazia. Gasketi yake imekauka na imekatika upande mmoja, unaweza kupitisha ukucha. Flenji ya kipumulio nzima. Plagi ya chini imetoa maji kama robo lita, yamekaa chini ya chupa, mafuta ya rangi ya chai juu yake, na katikati utando mweusi. Geji ilikuwa na tope kwenye tundu la chini. Tulipolizibua, mafuta ndani ya kioo yakashuka vidole vitatu. Kumbe tulikuwa tunaendesha na mafuta pungufu.

Sampuli ya mafuta ya tangi kubwa imepimwa, inastahimili kV 34 kwa mwanya wa milimita 2.5. Je, naweza kujaza na kuwasha?

DadaVipimo
34 ni ya kati. Kwa mwongozo wa IEC 60422, transfoma za daraja lako zikizidi 40 ni nzuri, kati ya 30 na 40 si mbaya sana lakini inataka kufuatiliwa, chini ya 30 ni mbaya. Ila namba hiyo haikuambii maji yaliyomo kwenye karatasi za koili. Omba maabara ipime pia maji yaliyomo kwenye mafuta, sehemu kwa milioni, na waandikie joto la mafuta ulipochukua sampuli. Pia piga mega kati ya koili na koili, na kila koili na ardhi.

Mafuta ya kuongezea yapimwe kabla hayajapanda nguzo, hata kama pipa lina lakiri.

Mzee wa Laini
Mimi ningeyapitisha mafuta kwenye mashine ya kuchuja na kukausha kwa ombwe sasa hivi. Robo lita si ya kudharau, na masika bado.

DadaVipimo
Mzee, yale maji yalibaki kwenye kisima cha konseveta, huenda hayakushuka. Ningesubiri kipimo cha maji na mega kwanza. Mashine ya kuchuja inakodishwa kwa bei ya ng'ombe.

Mzee wa Laini
Koili ni bei ya zizi zima. Lakini sawa, kipimo kwanza, mradi kisichukue mwezi.

Spana17
Na ile silika ya waridi aitupe?

DadaVipimo
Kama haina mafuta inakaushika. Itandaze nyembamba kwenye trei, nyuzi 120 kwa saa tatu au nne, na uipime uzito. Uzito ukiacha kushuka, imekauka. Oveni hiyo isipikiwe chakula, bluu ile ni kobalti na vumbi lake halivutwi. Kwa sababu hiyo hiyo akinunua mpya achukue ya chungwa, ingawa haitadumu zaidi ya bluu. Ibadilishwe theluthi mbili zikishageuka.

Korona_Umeme
Gasketi mpya ya raba inayostahimili mafuta imewekwa, kisima kimemwagwa, silika mpya na kikombe tayari. Transfoma bado imezimwa, nasubiri maabara. Nikishawasha nitakaa tena na darubini jioni niangalie mapovu.

Jirani_Pampu
Na yangu mapezi yamefutuka kidogo upande mmoja tu, ni kawaida?